Kiwanda kitanunua au kitajitahidi kununua? Kufupisha hati ya makubaliano ya zabibu

Hati ya makubaliano ikishasomwa mbele ya wanachama wa ushirika, swali la kwanza huwa lile lile: "Kwa hiyo watanunua au hawatanunua?" Muhtasari mzuri ni ule unaojibu swali hilo kwa namba ya kifungu. Muhtasari mbovu hujibu "watanunua" kwa sababu aliyeufupisha aliona neno kununua, akaona tani, akaruka maneno madogo yaliyokaa katikati. Mkulima akienda kukopa dawa na mbolea kwa kutegemea muhtasari huo, deni lake ni la kweli, ila ahadi aliyoitegemea haikuwahi kutolewa.

Tutaonyesha kazi yenyewe kwa hati ya mfano, iliyotungwa kwa vifungu vya aina tunayoiona mara kwa mara huku Dodoma. Upande mmoja ni chama cha ushirika wa mazao na masoko cha wakulima wa zabibu, tuseme maeneo ya Hombolo. Upande wa pili ni kiwanda cha kusindika mvinyo. Hati ina kurasa tano na vifungu tisa. Vinavyotuhusu, kwa maneno yake, ni hivi:

3.1 Kiwanda kitajitahidi kununua hadi tani 200 za zabibu za Chama katika kila msimu.

3.2 Kiwanda kitatoa kreti 1,000 za plastiki ndani ya siku 14 tangu tarehe ya kusainiwa.

3.3 Bei itakubaliwa na pande zote kabla ya kila msimu kwa kuzingatia hali ya soko.

4.1 Chama kitahamasisha wanachama wake kuongeza ubora wa zabibu.

4.2 Kwa miezi 12 tangu kusainiwa, Chama hakitauza zabibu za wanachama kwa mnunuzi mwingine bila idhini ya maandishi ya Kiwanda.

4.3 Chama kitarejesha kreti zote ndani ya siku 7 baada ya msimu, na kitalipa shilingi 15,000 kwa kila kreti isiyorejeshwa.

Kifungu cha 5 ni usiri wa taarifa kwa miaka 2. Cha 6 kinasema kila upande utabeba gharama zake. Cha 7 kinasema hati itadumu miaka 2, na upande wowote unaweza kuisitisha kwa notisi ya siku 30. Cha 8 ni migogoro: mazungumzo kwanza, yakishindikana usuluhishi utafanyika Dodoma. Halafu kinakuja cha 9, ukurasa wa mwisho, juu kidogo ya sahihi:

9. Isipokuwa vifungu vya 4.2, 4.3, 5, 6 na 8, hati hii ni tamko la nia ya pande zote na haiundi wajibu wowote wa kisheria.

Anza kusoma hapo. Watu wengi huanza na utangulizi, wakajaa maneno ya "kutambua umuhimu wa zao la zabibu" na "moyo wa ushirikiano", na wakifika ukurasa wa tano wamekwisha kuchoka. Kifungu cha hali ya kisheria ndicho kinachosema vingine vyote visomwe vipi, kwa hiyo kitafute kabla ya kusoma chochote kingine. Mara nyingi kinakaa mwishoni, lakini si ajabu kukikuta kimefichwa ndani ya "Mengineyo" au ndani ya tafsiri ya maneno mwanzoni. Kikishapatikana, chukua kalamu uweke alama pembeni ya kila kifungu kilichotajwa humo kabla hujasoma maudhui yake. Hapo utakuwa umeona umbo la hati nzima: katika mfano wetu, alama zote mbili zilizoangukia kwenye sehemu ya majukumu zimeangukia upande wa Chama, na hakuna hata moja iliyoangukia majukumu ya Kiwanda.

Jina la hati lisikupe uamuzi. Kuna wanaoamini kwamba karatasi ikiandikwa "Hati ya Makubaliano" juu basi haimfungi mtu, na kuna wanaoamini kwamba ikishagongwa mihuri miwili basi yote inafunga. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haiangalii kichwa cha karatasi. Kifungu chake cha 10 kinaangalia kama watu wenye uwezo wa kuingia mkataba wamekubaliana kwa hiari, kwa jambo halali, na kila upande ukitoa kitu kwa kubadilishana na cha mwenzake. Kifungu cha 29 kinaongeza kwamba makubaliano ambayo maana yake haijulikani, wala haiwezi kufanywa ijulikane, ni batili. Kwa hiyo hata ndani ya hati moja, sentensi moja inaweza kuwa mkataba kamili na inayofuata ikawa ni nia tu.

Hapo ndipo kazi ya kufupisha inapoanzia: fanya kazi kwa sentensi, usifanye kwa vifungu. Kwenye daftari au jedwali la kompyuta, andika kila sentensi kwenye mstari wake, kisha ujibu pembeni: nani, atafanya nini, kiasi gani, lini, kwa sharti gani, na asipofanya kinatokea nini. Nafasi utakazoshindwa kuzijaza ndizo zinazoonyesha udhaifu wa ahadi. Kifungu cha 3.2 kinajaza karibu zote: Kiwanda, kreti, 1,000, siku 14. Cha 4.1 hakijazi kitu baada ya "Chama kitahamasisha", maana hakuna kiasi, hakuna tarehe, wala hakuna namna ya kusema kwamba uhamasishaji umefanyika au haujafanyika.

Kisha panga kila mstari katika moja ya mafungu matatu: inafunga, haifungi, haijulikani. Fungu la tatu ndilo linalosahaulika, na ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote mawili. Ukiwa na mafungu mawili tu utalazimika kukisia, na ukisoma kwa haraka makisio yako yataelekea kule unakotamani.

Twende na mistari yenyewe.

Kifungu cha 3.1 hakifungi, kwa sababu mbili zinazojitegemea. Ya kwanza, cha 9 hakikukitaja. Ya pili, hata kingetajwa, "kitajitahidi" ni ahadi ya juhudi, si ya tani, na "hadi" inaweka dari bila kuweka sakafu. Kiwanda kikinunua tani 10 kimebaki ndani ya sentensi hiyo. Kisiponunua hata kilo moja, kitasema kilijitahidi ila matangi yalikuwa yamejaa. Kwenye muhtasari, maneno haya mawili hayaruhusiwi kuguswa. Anayeandika "Kiwanda kitanunua tani 200 kila msimu" ametunga ahadi mpya ambayo hakuna aliyeisaini.

Maneno mengine ya jamaa hiyo ni kama "inakusudia", "inatarajia", "kwa kadiri bajeti itakavyoruhusu", "pale itakapowezekana" na "itazingatia". Yaache kwenye muhtasari kama yalivyo. Tatizo kubwa zaidi kwenye hati za Kiswahili ni kwamba "kitatoa", "kitahamasisha" na "kitalipa" vyote vina umbo moja, na umbo hilo hutumika kwa ahadi na kwa mpango wa kawaida. Kwa hiyo kitenzi peke yake hakikupi jibu. Kisome pamoja na kiasi, tarehe, matokeo ya kukiuka, na orodha ya kifungu cha 9.

Mfano ni kreti. Sentensi ya 3.2 imenyooka, ina idadi na tarehe, na mtu yeyote angeiona ni ahadi. Lakini kifungu cha 9 kimeiacha nje, kwa hiyo kwa maneno ya hati ni nia tu. Wakati huohuo 4.3, inayodai kreti hizo zirudishwe, imo ndani. Kiwanda hakifungwi kuzileta, ila Chama kinafungwa kuzirejesha na kuzilipia. Deni la juu kabisa ni kreti 1,000 mara shilingi 15,000, yaani shilingi milioni 15, na zikipotea 80 tu zikienda nyumbani kwa watu au zikibaki kwenye magari, ni shilingi 1,200,000. Takwimu hii iwekwe kwenye muhtasari, kwa sababu ndiyo fedha pekee ambayo hati hii inaweza kumdai mtu kwa jina na kiasi.

Tena 4.3 yenyewe ina mashimo. "Kreti zote" ni zote zilizotajwa, 1,000, au zote zilizopokelewa? Kiwanda kikileta 600 na hakuna hati ya mapokezi iliyosainiwa, mabishano ya 400 zilizobaki yatakuwa ya mdomo kwa mdomo. Na siku 7 "baada ya msimu" zinahesabiwa kuanzia lini? Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa kawaida Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba, lakini hakuna siku inayotangazwa kwamba msimu umefungwa. Kwa hiyo mstari huu tunaugawa: wajibu wa kurejesha na kulipa unaingia kwenye fungu la inafunga, idadi na tarehe ya kuanzia vinaingia kwenye fungu la haijulikani.

Bei, kifungu cha 3.3, haijapangwa hata kidogo, ingawa inaonekana kama imepangwa. Kukubaliana kwamba mtakubaliana si bei. Hakuna kanuni ya kukokotoa, hakuna mtu wa tatu wa kuamua mkishindwana, hakuna bei ya chini. Hata kama kisingeachwa nje na cha 9, kingekwama kwenye kifungu cha 29 cha Sheria ya Mikataba. Hata hivyo, usimwambie mkulima kwamba akipeleka mzigo bila bei hana haki. Zabibu zikishapelekwa na kupokelewa, kuna mauzo, na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inasema pale bei isipopangwa mnunuzi atalipa bei ya kiasi kinachofaa kwa mazingira. Haki hiyo inatokana na mapokezi ya mzigo, haitokani na hati. Ndiyo maana karatasi ya mizani yenye uzito, tarehe na sahihi ya mpokeaji ina nguvu kuliko kifungu chote cha 3. Muhtasari utenganishe vitu hivi viwili: hati haiahidi bei, na mzigo uliopokelewa unadai malipo.

Sasa 4.2, ambayo ndiyo moyo wa hati hii. Inafunga kwa kutajwa, ina muda kamili wa miezi 12, ina katazo lisilo na utata. Miezi 12 inameza misimu miwili yote ya mwaka. Ukiisoma pamoja na 3.1 unapata picha halisi: Chama hakiruhusiwi kuuza kwingine, na Kiwanda hakilazimiki kununua. Zabibu haisubiri ghalani kama alizeti au mtama. Ikiiva, una siku chache kabla haijaanza kuoza. Idhini ya maandishi imetajwa, ila hakuna siku ngapi Kiwanda kina za kujibu. Barua ikikaa mezani wiki mbili, jibu likija halina tena mzigo wa kuuza.

Kuna hoja ambazo mwanasheria wa Chama anaweza kuzijenga dhidi ya 4.2, na muhtasari uzitaje kama hoja, usizitaje kama hukumu. Kubwa ni hii: Kiwanda kimetoa nini kwa kubadilishana na katazo hilo? Kifungu cha 25 cha Sheria ya Mikataba kinasema, kikiacha hali chache, kwamba makubaliano yasiyo na kitu cha kubadilishana ni batili, na hapa kila alichoahidi Kiwanda kwenye kifungu cha 3 kimetangazwa kuwa nia tu. Mahakama ya juu ya Uingereza ya wakati ule, mwaka 1992 katika shauri la Walford dhidi ya Miles, ilisema ahadi ya kutojadiliana na mtu mwingine inaweza kufunga ikiwa ina muda maalumu na imetolewa kwa kubadilishana na kitu, ila ahadi ya kuendelea kujadiliana kwa nia njema haifungi. Uamuzi huo hauifungi mahakama ya Tanzania, lakini unaonyesha pa kugusa. Miezi 12 ipo; kitu cha kubadilishana ndicho cha kutafuta. Hata hivyo, chama kisicho na fedha za shauri hakiwezi kupanga mauzo ya Agosti kwa kutegemea hoja. Kwenye fungu, 4.2 inabaki kwenye inafunga.

Kifungu cha 7 ndicho kitakachokushangaza ukikichunguza. Hakimo kwenye orodha ya cha 9. Kwa hiyo, je, notisi ya siku 30 inaweza kukiondoa Chama kwenye katazo la 4.2, au haki ya kusitisha yenyewe ni nia tu, na katazo linaendelea hadi miezi 12 iishe? Hati inasomeka kwa namna zote mbili. Wanaofupisha haraka huandika "tunaweza kujitoa kwa siku 30" na wanachama wanatulia. Mahali pake ni fungu la haijulikani, tena mstari wa kwanza kabisa. Vilevile angalia kama wajibu wa usiri na wa kreti unaishi baada ya hati kusitishwa. Hapa hakuna kilichosemwa.

Mistari ikishapangwa, andika. Usifuate mpangilio wa hati, maana mpangilio huo ulitungwa kwa ajili ya hafla ya kusaini. Anza na kinachofunga, kisha kisichojulikana, mwisho nia. Kila sentensi ibebe namba ya kifungu chake. Ukurasa mmoja unatosha kwa hati ya kurasa tano. Kwa mfano wetu utasomeka hivi:

"Hati hii inakifunga Chama kwa mambo makubwa mawili. Kwa miezi 12 tangu kusainiwa hakiwezi kuuza zabibu za wanachama kwa mnunuzi mwingine bila idhini ya maandishi ya Kiwanda (4.2). Kinapaswa kurejesha kreti ndani ya siku 7 baada ya msimu na kulipa shilingi 15,000 kwa kila isiyorejeshwa (4.3), deni la juu ni shilingi milioni 15. Pande zote zinafungwa kutunza siri kwa miaka 2 (5), kubeba gharama zake (6) na kupeleka migogoro kwenye mazungumzo kisha usuluhishi Dodoma (8). Haijulikani: kama notisi ya siku 30 (7) inaondoa katazo la 4.2, kama kreti zinazodaiwa ni 1,000 au zilizopokelewa, msimu unaisha siku gani, Kiwanda kina siku ngapi za kujibu ombi la idhini. Kiwanda kimeeleza nia, bila kujifunga, ya kujitahidi kununua hadi tani 200 kila msimu (3.1), kutoa kreti 1,000 ndani ya siku 14 (3.2) na kukubaliana bei kabla ya msimu (3.3). Chama kimeeleza nia ya kuhamasisha ubora (4.1). Hakuna kifungu kinachokilazimisha Kiwanda kununua kiasi chochote au kwa bei yoyote."

Sentensi ya mwisho haimo ndani ya hati. Ni hitimisho la msomaji, na ni lazima iwemo, kwa sababu jambo ambalo hati haikusema halina kifungu cha kufupishwa na litapotea usipoliandika kwa makusudi. Baada ya kuandika, upime: mpe mtu ambaye hajaiona hati, muulize kwa kila sentensi, "Wasipofanya, tutawadai kwa kifungu gani?" Akikutajia 3.1, muhtasari wako umeteleza mahali, rudi utafute ulipopunguza neno.

Hati isiyo na kifungu cha hali ya kisheria ni ngumu zaidi, na usijifanye una uhakika. Hapo huna orodha ya kukuongoza, unabaki na uwazi wa kila ahadi, kilichotolewa kwa kubadilishana, na matendo ya pande zote baada ya kusaini. Fungu la haijulikani litakuwa nene, na ndivyo linavyopaswa kuwa.

Hakikisha pia umesoma viambatanisho. Ratiba ya mapokezi au fomu ya oda ikitajwa kuwa "sehemu ya hati hii" inaweza kubeba tani na bei ambazo vifungu vikuu vilizikwepa. Na kama hati ipo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, tafuta sentensi inayosema ni nakala ipi itafuatwa zikipishana. Ikiwa ni ya Kiingereza, fupisha hiyo.

Fungu la haijulikani halikai kabatini. Kabla ya sahihi, linageuzwa barua kwa upande wa pili, swali kwa swali, na majibu yanaingizwa ndani ya hati yenyewe, si kwenye barua pepe pembeni. Kwa hati yetu, bodi ingeomba marekebisho matatu tu: 7 iongezwe kwenye orodha ya kifungu cha 9, 4.3 isomeke "kreti zilizopokelewa kwa hati ya mapokezi iliyosainiwa na pande zote", na 4.2 iongezewe maneno haya: "Kiwanda kisipothibitisha kwa maandishi, ndani ya siku 3 tangu kupokea taarifa ya mavuno, kwamba kitanunua mzigo uliotajwa kwa bei iliyotajwa, Chama kitakuwa huru kuuza mzigo huo kwa mnunuzi yeyote."